Babu Yake Kamau Aliitwa Nani? Kuwatafuta Wazazi wa Wazazi wa Jomo Kenyatta

Niliposema nataka kuzungumza juu ya babu na bibi za Jomo Kenyatta, mmoja wa waandaaji aliniuliza kama kuna lolote lililobaki kusemwa kuhusu mtu huyo. Kuhusu yeye mwenyewe, labda limebaki kidogo. Kuhusu watu wanne waliowazaa baba yake na mama yake, karibu kila kitu bado.

Kusudi langu leo ni dogo. Nataka kuonyesha namna mtafiti anavyoweza kusogea vizazi viwili nyuma ya mtu ambaye hata mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa. Wapo waliokisia kwamba Kenyatta alizaliwa karibu na 1890, na Jeremy Murray-Brown, aliyechapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1972, alifikia 1897 au 1898. Ikiwa mtu mwenyewe anatuchanganya hivyo, babu yake tutampata wapi? Nitatoa hoja nne. Ya pili na ya tatu ndizo zenye nyama, kwa hiyo msinihesabie dakika sawasawa.

Hoja ya kwanza: karatasi ya kwanza kuandikwa si lazima iwe ya kweli zaidi

Mwishoni mwa mwaka 1909 kijana mmoja alifika katika misheni ya Kanisa la Skoti pale Thogoto. Jina lake lilijulikana kuwa Kamau wa Ngengi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1914, alibatizwa akawa Johnstone Kamau. Kenyatta ni jina alilojipatia baadaye, na Jomo likaonekana juu ya kitabu chake cha mwaka 1938.

Mtafiti asiyejua mila akikuta maandishi "Kamau wa Ngengi" ataandika mara moja kwamba baba ni Ngengi. Kisha atakwenda kumtafuta baba wa Ngengi, na kazi yake yote itasimama juu ya neno moja fupi, "wa". Lakini baba mzazi wa Kamau aliitwa Muigai. Muigai alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na kwa desturi ya Wakikuyu mdogo wake, Ngengi, akamrithi mjane, yaani Wambui, mama yake Kamau. Kijana alipoulizwa wewe ni wa nani, alimtaja mwanamume aliyekuwa mwenye boma. Hakudanganya hata kidogo. Alijibu swali aliloulizwa, na swali lenyewe halikuwa "nani alikuzaa".

Katika mfano huu tuna bahati, kwa sababu Ngengi na Muigai ni ndugu, na baba yao ni mmoja. Kosa la baba halituharibii babu. Kama mjane angerithiwa na binamu, au mtoto angelelewa kwa wajomba, tungekuwa tumehamia ukoo mwingine bila kujua. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu: mkikuta "wa" katika daftari la misheni, la kazi au la mahakama ya zamani, andikeni kwanza ni nani aliyeuliza na aliuliza nini.

Hoja ya pili: babu hutafutwa kwa wajukuu

Wakikuyu waliomo ukumbini watanivumilia nikieleza wanalolijua tangu utotoni. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Wa pili wa kiume hupewa jina la baba wa mama. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Wanaofuata hupewa majina ya ami, wajomba na mashangazi wa pande zote mbili. Mwanamume akioa wake watatu, kila nyumba huanza hesabu yake upya.

Maana yake kwa mtafiti ni kubwa. Jamii ambayo haikuandika chochote iliandika majina ya babu na bibi juu ya watoto. Unachohitaji ni watoto wote wa nyumba moja, wavulana na wasichana, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto mmoja peke yake hasemi chochote. Mpangilio ndio unaosema.

Tujaribu kipimo hiki mahali ambapo jibu tunalijua tayari, maana kipimo usichokijaribu usikitumie gizani. Chukueni nyumba ya Mama Ngina. Msichana wa kwanza ni Christina Wambui. Mvulana wa kwanza ni Uhuru Muigai, aliyezaliwa mwaka 1961. Msichana wa pili ni Anna Nyokabi. Mvulana wa pili ni Muhoho. Sasa jifanyeni hamjui lolote kuhusu familia hii, msome majina tu. Baba wa Kenyatta: Muigai. Mama wa Kenyatta: Wambui. Baba wa Mama Ngina: Muhoho. Mama wa Mama Ngina: Nyokabi. Na kweli, baba wa Mama Ngina alikuwa Chifu Muhoho, mtu wa serikali anayejulikana kwenye kumbukumbu, na mkewe alikuwa Nyokabi. Majina manne, majibu manne.

Twende kwenye nyumba nyingine za mzee huyo huyo. Mke wa kwanza, Grace Wahu, alizaa Peter Muigai mwaka 1920 na Margaret Wambui mwaka 1928, yule aliyekuja kuwa Meya wa Nairobi. Mke mwingine, Grace Wanjiku, binti wa Chifu Koinange, alifariki mwaka 1950 akijifungua binti, na binti huyo akaitwa Jane Wambui. Nyumba tatu, na kila moja ina Wambui wake. Mgeni angefikiri familia hii imeishiwa majina. Mtafiti anafurahi, kwa sababu mashahidi watatu wa nyakati tofauti wanamtaja bibi mmoja.

Sasa turudi kwenye lile fumbo la Ngengi na Muigai, tuone kama majina yangelifumbua bila kitabu chochote. Kenyatta alimpa mwanawe wa kwanza jina Muigai. Kama baba yake angekuwa Ngengi, mtoto huyo angeitwa Ngengi. Kwa hiyo Kenyatta mwenyewe, mwaka 1920, alishuhudia baba yake ni nani, hata kama daftari la Thogoto lilisema vingine.

Lakini Wambui alimzalia Ngengi mtoto pia: James Muigai, ndugu wa Kenyatta kwa mama. Tazameni watoto wa James. Yuko Beth Wambui Mugo, aliyekuwa waziri na seneta, na yuko Ngengi Muigai, aliyewahi kuwa mbunge wa Gatundu. Wambui anarudi tena, maana mama ni yule yule. Na hapa, kwa mara ya kwanza, Ngengi anatokea kama jina la mjukuu. Ndugu wawili wa tumbo moja: watoto wa mmoja wanabeba jina Muigai, miongoni mwa watoto wa mwenzake yumo Ngengi. Mwanya kati ya baba wawili unaonekana katika majina ya watoto wao.

Nisieleweke kwamba nasema mila hii ni mashine. Mwaka 1944 Kenyatta alipata mtoto wa kiume Uingereza kwa Edna Clarke. Kwa kanuni, mvulana wa kwanza wa nyumba hiyo angekuwa Muigai. Aliitwa Peter Magana. Pengine Muigai mmoja alikuwa tayari mtu mzima Kenya, pengine mama hakuwa wa mila hiyo. Vyovyote iwavyo, jina Magana hapa halitupi nafasi ya mtu katika ukoo. Linatuambia tu kwamba baba alilithamini. Shikeni jina hilo, tutalihitaji sasa hivi.

Hoja ya tatu: Kamau si Kungu

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Waandishi wa maisha ya Kenyatta humtaja babu yake kwa jina Kungu wa Magana, mganga aliyekaa Muthiga, na husema kwamba kijana alikwenda kukaa kwake baada ya mama yake kufariki. Kenyatta mwenyewe, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, anaeleza kwamba babu yake alikuwa mwaguzi na mganga, na kwamba yeye alikuwa akimfuata katika safari zake akimbebea mkoba wa dawa. Jina Magana la mtoto wa Uingereza linaingia vizuri hapa: ni jina la juu zaidi katika ukoo huo.

Basi tuitumie ile kanuni tuliyoijaribu. Kama babu upande wa baba ni Kungu, na kama Kenyatta alikuwa mvulana wa kwanza wa Wambui, angepaswa kuitwa Kungu. Aliitwa Kamau. Naona mzee mmoja pale anatabasamu. Bila shaka ameshapata jibu. Mimi naona majibu matatu, na sioni sababu ya kulichagua moja mapema.

Jibu la kwanza ni kwamba Kamau hakuwa mvulana wa kwanza. Mtoto aliyemtangulia angeweza kufa mchanga, na mtoto wa namna hiyo hupotea kabisa katika simulizi za ukoo. Kama ni hivyo, Kamau ni wa pili, na Kamau ndilo jina la babu wa upande wa mama. Oneni jinsi jambo hilo lingebadilisha kila kitu: jina tulilolidhania kuwa dalili ya ukoo wa Muigai lingekuwa ufunguo wa ukoo wa Wambui, ambao ndio unaojulikana kidogo kuliko wote.

Jibu la pili ni kwamba Kungu na Kamau ni mtu mmoja. Mzee, hasa mganga, angeweza kujulikana uzeeni kwa jina ambalo hakuzaliwa nalo, na familia ikachukua moja katika hayo mawili. Hili si la kubuni, maana limetokea tena katika familia hiyo hiyo mbele ya macho yetu. Mtoto wa kwanza wa kiume wa Uhuru Kenyatta anaitwa Jomo. Babu yake alizaliwa Kamau, lakini mjukuu akapewa jina ambalo mzee alijichukulia akiwa mtu mzima. Mtafiti wa miaka mia mbili ijayo, akiwa na majina peke yake, angeapa kwamba Jomo na Kamau ni wazee wawili.

Jibu la tatu ni kwamba Kungu hakuwa baba wa Muigai bali ndugu wa baba huyo. Kwa Kikuyu *guka* ni babu, na ndugu za babu yako nao ni *guka*. Mtoto yatima anayekwenda kukaa kwa *guka* hana sababu ya kumweleza mwandishi, miaka sitini baadaye, kama mzee yule alikuwa baba wa baba yake au ami wa baba yake. Kwetu sote wa Afrika Mashariki babu si mmoja.

Tutajuaje lipi ni sahihi? Si kwa kumuuliza mzee swali la moja kwa moja, kwa sababu jina Kungu wa Magana limeshachapishwa, na mzee aliyelisoma au aliyesomewa atakurudishia lile lile la kitabu ukidhani umepata shahidi mpya. Kuna njia bora, nayo ni kwenda pembeni. Muigai alikuwa na ndugu. Kila ndugu wa kiume wa baba mmoja alipaswa kumpa mvulana wake wa kwanza jina la baba huyo. Kwa hiyo kusanyeni watoto wa kwanza wa kiume wa Ngengi kwa wake zake wengine, na wa ndugu zake wote. Wakiwa ni akina Kamau, babu aliitwa Kamau, na jibu la pili au la tatu linasimama. Wakiwa ni akina Kungu, Kenyatta hakuwa mvulana wa kwanza, na tugeukie upande wa mama. Wakichanganyika, boma hadi boma, basi tunaongea na mzee mwenye majina mawili.

Swali la namna hii lina faida moja kubwa. Anayelijibu hajui unatafuta nini. Umemuuliza majina ya binamu zake, si jina la babu wa mtu maarufu, na hana haja ya kulipamba jibu.

Kuna mtego mwingine. Kanuni hii ikifuatwa barabara, ukoo wa wazaliwa wa kwanza huwa na majina mawili tu yanayopokezana: Muigai wa Kamau, wa Muigai, wa Kamau, hadi mwisho wa kumbukumbu. Mzee akihesabu anaweza kuruka vizazi viwili na mshono usionekane. Hapo dawa ni *riika*, kundi la waliotahiriwa pamoja. Kenyatta alitahiriwa mwaka 1913, na riika lake ni Kihiumwiri. Msiulize "Muigai alizaliwa lini", ulizeni "Muigai yupi, wa riika gani". Wajina wawili hawawezi kuwa wa riika moja kama mmoja ni babu wa mwenzake.

Hoja ya nne: asili ya bibi na hesabu ya miaka

Katika kitabu chake hicho hicho Kenyatta anasema kwamba familia yake ilichanganyika damu na Wamaasai: bibi yake alikuwa Mmaasai aitwaye Mosana, na shangazi yake aliolewa na kiongozi wa Kimaasai, Sendeyo. Madai haya mawili tuyapime kila moja peke yake.

La shangazi lina mguu wa kusimamia nje ya familia. Sendeyo alikuwa mwana wa laiboni Mbatiany na ndugu wa Lenana. Ugomvi wao wa urithi, baada ya baba yao kufariki karibu na 1890, umeandikwa na watu ambao hawakumjua Kenyatta. Tena wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Kenyatta alikwenda kukaa Narok kwa jamaa zake hao. Mtu haendi kujihifadhi kwa jamaa wa kubuni.

La Mosana ni gumu zaidi, lakini hesabu inatusaidia. Wengi husema haraka kwamba wanawake wa Kimaasai waliingia Ukikuyuni wakati wa tauni ya ng'ombe na ndui mwanzoni mwa miaka ya 1890, familia zilipowaweka wake na watoto rehani ili zipate chakula. Ni kweli wengi waliingia hivyo. Mosana, ikiwa ni bibi mzazi, hawezi kuwa mmoja wao. Kenyatta alizaliwa kabla ya 1900. Wazazi wake, hata tukiwafanya vijana kupita kiasi, walizaliwa kabla ya 1882. Basi mama wa mmoja wao alikuwa tayari katika boma la Mkikuyu miaka kumi au zaidi kabla ya tauni, na ikiwa ni upande wa Muigai, huenda mapema zaidi, kwa sababu mwanamume hakuoa kabla ya kumaliza ujana wa vita. Tumtafute katika mateka wa vita vya zamani au katika ndoa za amani.

Na tujihadhari na majina yanayofanana na ushahidi. Nyokabi, jina la mama wa Mama Ngina, humtaja mwanamke wa Kimaasai. Halituambii kwamba Nyokabi huyo alikuwa Mmaasai, kwa sababu naye alipewa jina la bibi yake, na huyo la bibi yake. Mmaasai mwenyewe anaweza kuwa nyuma vizazi saba. Mosana, kwa upande wake, halikuingia katika mzunguko wa majina ya familia tuliyoyataja, na hilo linanifanya niulize kama hakuwa mke mwenza wa bibi mzazi. *Cucu* nao ni wengi.

Mtu atauliza kwa nini nimwamini Kenyatta kabisa. Simwamini kabisa. Kitabu kile kiliandikwa London, na mwandishi alihitaji kuonyesha kwamba anayosema kuhusu uganga ameyaona kwa macho yake. Babu mganga alimfaa sana. Bibi Mmaasai hakumpa faida yoyote ya namna hiyo. Amemtaja kwa kupita, akieleza uhusiano wa makabila mawili. Mimi huamini zaidi jina linalotajwa kwa kupita.

Kazi iliyo mbele

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa mambo ambayo chama hiki kinaweza kuanza nayo mwaka huu.

La kwanza ni orodha ya wazaliwa wa kwanza niliyoitaja, kutoka Ng'enda, alikoolewa Wambui, na Muthiga, nyumba kwa nyumba, kila jina na riika lake. Iandikwe pamoja na waliokufa wachanga. Habari za hao ziulizwe kwa wanawake wazee, si kwa wanaume. La pili ni ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 na 1933, uliochapishwa baadaye katika majuzuu matatu. Koo za Kiambu zilijitokeza zikitaja mababu walionunua ardhi na walikotoka, mara nyingi upande wa Murang'a. Zilikuwa zinadai mashamba, kwa hiyo zilikuwa na sababu ya kurefusha ukoo, lakini hazikuwa na sababu ya kumpamba Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa Ulaya. Tukikuta Magana mle ndani, na wanawe wakatajwa, tutakuwa na Kungu aliyeandikwa kabla mjukuu wake hajawa mtu wa vitabu.

La tatu ni ukoo wa Wambui. Hapo sina hata jina moja la uhakika la kuanzia, isipokuwa pengine hilo la Kamau. Kama kuna mtu humu ukumbini ambaye kwao kuna Wambui aliyeolewa Ng'enda kabla ya njaa kubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1890, nitakuwa pale mlangoni na daftari langu. Nitaanza kwa kumuuliza majina ya wajomba zake.